Kapsheni ya futari ya mkahawa: jinsi ya kuiandika seti na kubuku mpaka watu waache kuuliza "bei?"

Assalaam alaykum jamani. Mie naandika posti za mkahawa mmoja wa ghorofani pale Mkunazini, Mji Mkongwe, na huu mwongozo ni kwa yoyote alopewa simu ya mkahawa akaambiwa "hebu tuandikie tangazo la futari", awe Unguja au Pemba.

Naanza na Ijumaa moja ya kumi la mwanzo. Kapsheni yangu siku ile ilisema "Karibuni nyote kwa futari ya kizanzibari, njooni na familia", basi, na picha nzuri ya kaimati. Saa 12 na nusu jioni akapanda ngazi mzee mmoja na kanzu yake, nyuma yake mkewe, watoto, wajukuu, watu 9 kwa jumla, na viti vyote vimeshakaliwa. Hakubuku kwa sababu kapsheni haikumwambia abuku, ilimwambia njoo. Adhana ikapigwa yule mzee yuko mlangoni bado, tende nimempa mie mkononi, akaifungulia pale pale amesimama. Tukawatandikia jamvi kwenye ukumbi wa kupitia, tukawatafutia uji na sambusa sita zilobaki, wakashukuru, wakaenda zao kimya. Usiku ule nilikaa na kapsheni yangu nikaisoma neno kwa neno, na haya yote hapa chini yametoka kwenye usiku ule na Ramadhani zilofuata.

Kitu cha kukielewa kwanza ni kuwa futari si chakula cha usiku cha kawaida. Siku za kawaida huyu anakuja saa 1, yule saa 2 na nusu, meza moja unaikalisha watu mara mbili tatu. Kwenye futari kila mtu anataka kuwa ameshakaa dakika moja ile ile, na baada ya hapo kuna swala ya Magharibi, halafu chakula, halafu Isha na tarawehe. Meza inakaliwa mara moja tu. Kwahivyo kama una viti 40 una watu 40, hakuna wa 41, na kapsheni ndo inayoamua kama hao 40 utawajua mchana au utawajua mlangoni.

Kabla hujaandika neno, nenda jikoni na daftari

Usianze na simu, anza na mpishi. Muulize mambo matatu na uyaandike kama anavyoyasema.

La kwanza, viti vingapi kweli. Sio vingapi vinaingia tukibanana, vingapi vinahudumiwa ndani ya zile dakika kumi za mwanzo. Sisi tuna viti 52 lakini wahudumu ni wanne, na wanne hawawezi kuweka uji wa moto mbele ya watu 52 kwa pamoja, kwahivyo tunasema 40.

La pili, mwisho wa kubuku saa ngapi. Hili usilitoe kichwani. Mpishi wetu anakwenda Darajani asubuhi, nazi zinakunwa adhuhuri, muhogo unamenywa saa 8, na sambusa zinafungwa kuanzia hapo hapo. Ukiwa kila mtu anakula sambusa mbili, watu 40 ni 80, na anafunga 90 kwa sababu zinapasuka na kuna mtoto atataka ya tatu. Sambusa hawezi kuzifunga saa 11 jioni wakati yuko kwenye jiko la kukaangia, na muhogo wa nazi hauongezewi maji ukawa wa watu kumi zaidi. Ndo maana mwisho wetu ni saa 8 mchana. Kwenu inaweza ikawa saa 6 au saa 9, mpishi atakwambia, ila iwe saa moja inayojulikana na iandikwe. Ukiandika "buku mapema", mapema ya kila mtu ni tofauti.

La tatu, kitu gani kipo kila siku bila shaka, na kitu gani kinategemea. Hapa nataka tukae kidogo kwa sababu ndipo kapsheni nyingi zinaposema uongo bila ya kukusudia.

Seti: andika kinachokuja mezani, na uiangalie bahari

Neno "seti" maana yake mteja halipii kila sahani, analipa bei moja na anaujua mpangilio wote. Watu wengi wanachanganya seti na bafe, na mteja akidhani ni bafe atakuja na njaa ya bafe, ataomba kuongezewa pweza mara tatu na ukimkatalia atasema umemdhulumu. Kwahivyo kama chakula kinaletwa mezani andika "tunakuletea mezani", na kama kuna kitu kinaongezwa bila malipo kitaje hicho tu. Sisi tunaongeza uji na chai, vingine hapana, na tumeandika hivyo hivyo.

Halafu taja vyakula kwa majina yake. "Vitafunwa mbalimbali" haimwambii mtu kitu. Mtu alofunga anasoma kapsheni saa 5 asubuhi, ukimwandikia "katlesi za mbatata, bajia za kunde, kaimati za moto" anaviona. Na viandike kwa mpangilio vinavyokuja, tende na maji kwanza, uji, vitafunwa, halafu futari yenyewe na mchuzi, mwisho vitamu na kahawa. Msomaji anapita mezani kwa macho, na pia mhudumu wako mpya anaisoma kapsheni hiyo hiyo na kujua atoe nini kwanza.

Neno "futari" lenyewe liangalie. Kwetu futari ni mlo mzima, lakini pia ni zile sahani za nazi, muhogo, ndizi mbichi, majimbi, shelisheli. Ukiandika tu "futari ipo" nusu ya watu wataelewa hivi na nusu vile. Andika "muhogo wa nazi" au "ndizi mbichi kwa nyama", imekwisha.

Sasa bahari. Ramadhani tunaihesabu kwa mwezi, na bamvu linakwenda kwa mwezi vilevile. Mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu maji yanakupwa sana, akinamama na vijana wanatoka mwambani na pweza anapatikana. Ikifika tarehe 7, 8 ya mwezi, na tena 21, 22 hivi, ni maji mafu, mwamba hauonekani vizuri, pweza anakuwa wa shida na bei inapanda. Kwahivyo ukiandika kwenye kapsheni ya mwezi mzima "pweza wa nazi kila siku" umejifunga mwenyewe, kwa sababu unajua kabisa kuwa kuna siku hatokuwepo au atakuwepo kwa bei itakayokula faida yako. Mie sasa naandika pweza kwa siku zake: "Pweza wa nazi: siku 4 za mwanzo na tarehe 14 mpaka 18 Ramadhani." Bamvu kubwa linakuja siku moja mbili baada ya mwezi kuandama au kupevuka, ndo maana hesabu yangu imekaa hivyo. Na watu wanaipenda hii, kuna familia zinangojea zile tarehe, zinabuku wiki kabla.

Samaki vilevile usimfunge jina moja. "Samaki wa kupaka, changu au jodari, alopatikana siku hiyo" ni kweli kila siku. "Changu wa kupaka" ni kweli siku tatu kwa wiki. Ukiwa Wete au Chake Chake hesabu ni hii hii, majina ya samaki utayapata kwa wavuvi wako.

Saa: andika saa ya mlango, usiandike saa ya adhana

Miaka hii ambayo Ramadhani imeangukia Februari na Machi, jua letu linazama baina ya saa 12 na dakika 35 na saa 12 na dakika 45 hivi, na linasogea kidogo kidogo mwezi mzima. Ukiandika "tunafutari saa 12:42" kwenye posti ya Ramadhani nzima, baada ya siku kumi sio kweli tena, na hili ni jambo la ibada, mtu asije akafungua kwa kapsheni yako. Adhana waachie misikiti. Wewe andika saa ambayo mlango unafunguliwa na saa ambayo unaomba watu wawe wamekaa: "Mlango saa 12 kamili jioni, tunaomba uwe umekaa saa 12 na robo." Ile nafasi kabla ya adhana ndo mhudumu anaweka tende na maji, anahesabu vichwa, anamuuliza mama kama mtoto anahitaji kiti cha juu. Mtu akija dakika tatu kabla ya adhana haya yote yanafanyika kwa kukimbizana.

Andika "jioni" daima, na usiandike kwa mtindo wa 18:00 wala 6:00 kwenye kapsheni ya Kiswahili. Nimeshaona mtu kabisa aliyesoma "6:00" akadhani ni saa 6 mchana kwa kiswahili, akapiga simu kuuliza mbona mnauza chakula mchana wa Ramadhani. Kama mnapokea na wageni wa nje, waandikieni posti yao kwa lugha yao na saa zao, mbali, musichanganye lugha mbili kwenye kapsheni moja maana inakuwa refu na hakuna anayeimaliza.

Tarehe ya kuanza pia. Usiandike tarehe ya Februari au Machi kabla mwezi haujatangazwa. Unajua kwetu wapo wanaongojea mwezi wa hapa na wapo wanaofuata mwezi ulioonekana kwengine, na mkahawa haufai kuingia humo. "Kuanzia Ramadhani mosi, inshallah" inatosha na inamkuta kila mtu. Ukishatangazwa unaweza kuweka posti nyengine ya "kesho tunaanza".

Halafu mtaje mtu wa tarawehe. Isha inaingia kiasi cha saa moja na kidogo baada ya Magharibi, kwahivyo anayetaka kuwahi jamaa msikitini anataka kujua atatoka saa ngapi. Sisi tunaandika "chakula chote kinakuwa mezani mara tu baada ya swala ya Magharibi, unatoka kabla ya Isha ukitaka". Na andika kama kuna pahala pa kuswalia, pa wanaume na pa wanawake, na maji ya udhu. Nilipoongeza mstari huu mmoja, "pahala pa kuswalia wanaume na wanawake papo hapo juu", familia zilizobuku ziliongezeka kwa macho, kwa sababu mama mwenye watoto watatu hawezi kushuka ngazi akatafute msikiti wenye sehemu ya wanawake halafu apande tena akute uji umepoa.

Jengine ambalo watu wanaona haya kuuliza: pombe. Mji Mkongwe mikahawa mingi inapokea watalii na inauza. Kama hamuuzi kabisa, andika "hakuna pombe". Kama mnauza siku nyengine lakini wakati wa futari hakuna, andika hivyo na msimamie. Asiyeona mstari huo hakuulizi, anakwenda kwengine tu na wewe hutojua kwanini.

Bei: moja, ya mwisho, ndani ya kapsheni

"Bei inboksi" iache. Nakuhakikishia kila anayeuliza bei kwenye komenti kuna wengine waliopita bila kuuliza. Andika bei ya mtu mmoja, kwa shilingi, kodi na huduma zote ndani, bila ya nyongeza ya mwisho. Halafu bei ya watoto kwa umri unaoeleweka. "Watoto nusu bei" italeta ugomvi wa mtoto wa miaka 14. Sisi ni hivi: mkubwa 25,000/=, mtoto wa miaka 5 mpaka 11 ni 12,000/=, chini ya miaka 5 bure. Vinywaji gani viko ndani pia kitaje. Kwetu juisi glasi moja ya ukwaju au pasheni imo ndani, maji yamo ndani, soda inalipiwa. Soda ndo inayoleta maneno wakati wa kulipa kila mara, iandike.

Advansi tunachukua kwa kundi la watu 6 na kuendelea, 5,000/= kwa kichwa, kwa lipa namba. Chini ya hapo tunaaminiana. Mwaka wa mwanzo hatukuchukua, ofisi moja ikabuku watu 15, haikutokea mtu, na viti 15 vikakaa vitupu na muhogo umeshaiva. Ukichukua advansi andika na hukumu yake: akiahirisha kabla ya saa 8 mchana inahamishwa siku nyengine, baada ya hapo hairudi. Usiifiche hii mpaka mtu ameshatuma pesa.

Kubuku: njia moja tu

Hapa wengi wanaharibu kwa kutaka kumsaidia mteja. Wanaandika "buku kwa simu, WhatsApp, inboksi, komenti au fika mkahawani". Kisha meneja amepokea simu, dada wa kaunta ameandika kwenye karatasi, wewe umejibu inboksi saa 9, na jioni watu 47 wamebuku viti 40. Chagua namba moja ya WhatsApp, mtu mmoja wa kuijibu, daftari moja. Atakayeandika komenti mjibu kwa kumpeleka kwenye namba hiyo, usimbukie kwenye komenti.

Mteja akifungua WhatsApp mtengenezee maneno tayari, kwa sababu akiandika mwenyewe ataandika "nataka futari kesho" na utamuuliza maswali manne. Linki yake inakaa hivi, unaweka namba yako kuanzia 255, bila sifuri ya mwanzo, bila alama ya kujumlisha na bila nafasi:

```
https://wa.me/255XXXXXXXXX?text=Assalaam%20alaykum.%20Nabuku%20futari.%0AJina:%0ASiku:%0AWakubwa:%0AWatoto%20na%20umri:
```

Ile `%20` ni nafasi baina ya maneno na `%0A` ni kushuka mstari. Akiibonyeza, WhatsApp inafunguka na fomu imeshaandikwa, anajaza tu. Ijaribu kwanza kwa simu ya mtu mwengine kabla ya kuitoa. Na ujue kuwa linki ukiiweka ndani ya kapsheni ya Instagram haibonyezeki, inakuwa maandishi tu, kwahivyo kule iweke kwenye bayo na kwenye kapsheni andika "linki ipo kwenye bayo" pamoja na namba yenyewe. Kwenye Facebook na kwenye makundi ya WhatsApp inabonyezeka kama kawaida.

Jibu la kuthibitisha nalo liandike mapema. Kama unatumia WhatsApp Business unalihifadhi, ukiandika `/futari` linajitokeza, unalibonyeza. La kwetu linasema "Waalaykum salaam. Tumekuandikia watu ... wa futari, siku ya ..., kwa jina la ... Mlango saa 12 jioni, tafadhali uwe umekaa saa 12 na robo. Kiti tunakushikia mpaka adhana. Ukipata udhuru tuambie kabla ya saa 8 mchana." Penye nukta unajaza idadi, siku na jina la mteja kwa mkono. Asiyepata jibu hili hajabuku, na hilo pia liandikwe kwenye kapsheni, maana kuna mtu anatuma ujumbe saa 10 jioni, anazima simu, anakuja.

Sasa iandike

Kwenye Instagram mtu anaona takriban herufi 125 za mwanzo, zilobaki mpaka abonyeze. Kapsheni nzima inaruhusiwa mpaka herufi 2,200 lakini wewe huna haja ya kuzimaliza zote. Basi zile 125 za mwanzo usizimalize kwa "Ramadhan Karim kwenu nyote wapenzi wateja wetu wa thamani". Salamu na dua ziweke chini, na ziwe za kweli. Juu weka wapi, nini, bei, vipi. Hii yetu haifiki herufi 115, nimeihesabu:

Futari Mkunazini, seti kamili 25,000/= kwa mtu. Kubuku kwa WhatsApp kabla ya saa 8 mchana. Viti 40 tu kila siku.

Mtu akiishia hapo hapo bila kubonyeza ameshajua. Halafu inaendelea:

Kuanzia Ramadhani mosi, inshallah, kila siku. Tunakuletea mezani:
Tende, maji na uji wa mchele wa pilipili manga
Sambusa 2, katlesi ya mbatata, bajia za kunde
Muhogo wa nazi au ndizi mbichi kwa nyama
Samaki wa kupaka (changu au jodari, alopatikana siku hiyo) au kuku wa nazi
Mkate wa ufuta na chapati
Kaimati, tambi za sukari, kahawa ya tangawizi au chai ya maziwa
Juisi ya ukwaju au pasheni, glasi moja

Uji na chai unaongezewa bure. Pweza wa nazi yupo siku 4 za mwanzo na tarehe 14 mpaka 18 Ramadhani, bei ile ile.

Mkubwa 25,000/=, mtoto miaka 5 mpaka 11 ni 12,000/=, chini ya 5 bure. Kodi imo ndani. Soda inalipiwa mbali.

Mlango saa 12 kamili jioni, tafadhali uwe umekaa saa 12 na robo. Pahala pa kuswalia wanaume na wanawake na maji ya udhu papo hapo juu. Hakuna pombe. Chakula chote kinakuwa mezani mara tu baada ya swala ya Magharibi, unatoka kabla ya Isha ukitaka.

Kubuku: WhatsApp namba (andika namba), linki ipo kwenye bayo. Tutumie jina, siku, wakubwa wangapi, watoto na umri. Ukipata jibu letu ndo umebuku. Watu 6 na zaidi advansi 5,000/= kwa kichwa, ukiahirisha kabla ya saa 8 mchana inahamishwa siku nyengine, baada ya hapo hairudi.

Tupo ghorofa ya pili, ngazi zipo 22, mwenye mzee atuambie tumuwekee meza ya chini.

Allah atutakabalie funga zetu.

Ule mstari wa ngazi aliuongeza mhudumu wetu mmoja, na naupenda kuliko yote. Kwenu utakuwa mwengine, labda pahala pa kuegesha gari, labda umeme ukikatika kuna jenereta. Simama mlangoni kwako jioni moja uone watu wanauliza nini wakifika, hicho ndo mstari wako.

Aya na hadithi sijaweka, na nakushauri usiweke. Hili ni tangazo la biashara, likiwa picha litatumwa huku na kule na likichapishwa litatupwa chini, na maneno matukufu hayastahili hivyo. Dua fupi inatosha. Na maneno ya "usikose!!!" na "ofa kabambe" yaache kwa miezi mengine.

Wapi na saa ngapi

Kwenye makundi ya WhatsApp chukua kapsheni hiyo hiyo, mstari wa kwanza uweke nyota moja kila upande ili uwe mzito, hivi `*Futari Mkunazini...*`, na linki badala ya neno bayo. Kwenye stetasi watu hawasomi maneno mengi, weka picha na mistari mitatu: bei, mwisho saa 8, namba. Ila picha ya Instagram usiandike juu yake kitu kinachoweza kubadilika, kwa sababu kapsheni unaweza kuirekebisha baada ya kuposti, picha huwezi.

Saa nzuri kwetu imekuwa usiku baada ya tarawehe, saa 4 hivi, watu wamekaa barazani na simu na ndo wanapanga kesho. Halafu kumbusho fupi saa 4 asubuhi. Saa 11 jioni usiposti ofa, wapishi wote majumbani wako jikoni, na aliyeiona hawezi tena kubuku, umemtamanisha tu.

Kumi la mwisho iandike upya. Watu wanapungua jioni, wengine wako itikafu, wengine wanafutari haraka waende madukani Darajani kwa nguo za sikukuu. Sisi tunashusha viti mpaka 28, mpishi anapunguza muhogo, na tunaongeza seti ya kuchukua kwa anayebuku kabla ya saa 8, anaipitia saa 11 na nusu. Namba ya viti kwenye mstari wa kwanza ibadilishe siku hiyo hiyo.

Na kila siku daftari likijaa, hata kama ni saa 5 asubuhi, iweke hii kwenye stetasi na uirekebishe kapsheni juu kabisa, ili asipande mtu ngazi bure:

LEO TUMEJAA. Kesho viti bado vipo, kubuku mpaka saa 8 mchana.